Mtoto aliharisha akapona, sasa wiki ya tatu bado choo ni maji na povu. Inaweza kuwa maziwa?

MamaWawili wa Gungu
Wakuu habari za usiku, nipo Kigoma mjini huku Gungu. Nina mtoto wa kiume ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mwanzoni mwa mwezi alianza kutapika usiku, kulipokucha akaanza kuendesha maji matupu na homa kidogo, tukakimbilia zahanati wakampa ORS na vidonge vya zinki, kutapika kukakata haraka na kuharisha kukapungua nikajua yameisha. Kumbe bado. Baada ya siku chache kukarudi, ila sio kama kule kwa mwanzo. Anacheza, anakula, hana homa, lakini akishamaliza kikombe cha maziwa haupiti muda tumbo linaunguruma, linajaa, anajamba kama mtu mzima (mnisamehe) halafu anatoa choo cha maji chenye povu kinanuka uchachu, na matako yamekuwa mekundu mpaka analia nikimuosha. Bibi yake anasema mtoto kaishiwa nguvu tumuongezee maziwa, kwa hiyo sasa anakunywa karibu lita nzima kwa siku, ya ng'ombe, nachemsha mwenyewe. Nyonyo aliacha ana miezi 11 maana nilishika mimba nyingine. Kwenye kadi alikuwa kilo 9.7, jana kapima 9.2. Hii inaingia wiki ya tatu jamani, nifanyeje?

Dereva wa Nzega
Meno hayo dada. Wa kwangu alipoota ya juu aliendesha mwezi mzima, usihangaike.

Duka la Mwanga
Meno hayaleti povu mkuu. Hapo ni amiba, huku kwetu na haya maji ni kawaida sana. Mpe flajili ya maji siku tano, halafu utanishukuru. Nauza dawa miaka mingi wateja wa hivi nawaona kila siku.

MamaWawili wa Gungu
Zahanati kipimo cha choo hawakufanya, walisema mashine haipo siku hiyo. Flajili nimpe tu bila kipimo?

Tabibu Mstaafu
Mama wawili kabla ya yote nijibu haya. Choo kina damu au makamasi? Anakojoa kama kawaida? Akilia machozi yanatoka? Macho yamezama? Ukibana ngozi ya tumbo halafu ukaachia inarudi pale pale au inachelewa? Na je, siku ambazo maziwa yalikosekana choo kilikuwaje, jaribu kukumbuka.

MamaWawili wa Gungu
Damu hapana, makamasi hapana. Anakojoa, pampasi ya usiku inajaa. Machozi yapo tena mengi maana ni mlizi. Macho kawaida, ngozi inarudi hapo hapo. Halafu hilo la mwisho dokta sikuwahi kuliwaza, Jumapili ya juzi tulikuwa Ujiji kwenye msiba, akashinda na uji wa muhogo na ndizi tu, na kweli siku ile alienda haja mara mbili na choo kilikuwa kizito kizito. Nikadhani ni ndizi zimemfunga.

Tabibu Mstaafu
Ndizi zinaweza kusaidia kidogo lakini mimi macho yangu yako kwenye maziwa. Nimefanya kazi wodi ya watoto Tabora muda mrefu kabla sijastaafu, ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani maana ukikielewa hutapata shida kumjibu bibi.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, huvioni kwa macho. Kwenye ncha za hivyo vijidole ndiko kuna chembe zinazotengeneza laktesi, ndiyo inayokata sukari ya maziwa, laktosi, iwe vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye damu. Sasa virusi kama rota na wenzake wakiingia hawashambulii utumbo wote sawasawa, wanakula zile ncha. Ni kama majani yaliyopitiwa na moto wa kiangazi, mizizi ipo ila juu kumebaki peupe. Chembe mpya zinachipua kutoka chini na kupanda juu, na hiyo safari haichukui muda, siku tatu mpaka tano zimeshafika. Tatizo ni kwamba zinafika juu bado changa. Zinaweza kufyonza maji na chumvi kiasi chake, lakini laktesi ndiyo huwa ya kwanza kupotea na ya mwisho kurudi. Kwa mtoto aliyeshiba vizuri mara nyingi inarudi ndani ya wiki mbili mpaka nne hivi, kwa mtoto aliyepungua uzito inachelewa zaidi kwa sababu huo ukarabati nao unataka chakula.

Kwa hiyo mdudu wa kwanza anaweza kuwa alishaondoka zamani. Unachokiona sasa hivi ni maziwa ambayo hayakukatwa. Laktosi ikibaki nzima inavuta maji kuja tumboni, hapo unapata choo cha maji. Ikishuka kwenye utumbo mpana bakteria wa kule wanaichachua, hapo unapata gesi, povu, kunguruma, na tindikali. Hiyo tindikali ndiyo inanuka uchachu na ndiyo inamchoma mwanao matakoni. Povu, uchachu, wekundu wa matako na kuharisha kunakofuata kikombe vikikaa pamoja namna hiyo, mimi nashuku maziwa kabla ya amiba.

Dereva wa Nzega
Daah kumbe. Sasa dokta mimi mwenyewe, mtu mzima wa miaka 41, niliumwa tumbo vibaya safari ya Mpanda, tangu hapo nikinywa chai ya maziwa asubuhi natafuta choo kabla sijafika Ipole. Zamani nilikuwa nakunywa vikombe viwili bila shida. Ndio hiyo hiyo?

Nesi wa Kasulu
Kaka subiri tumalize mtoto kwanza 😅

Naongezea kwa Tabibu. Dada huyo mtoto anapata laktosi nyingi mno kwa sasa. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 4.7 za laktosi kwenye kila mililita 100, kwa hiyo lita moja ni gramu 47. Gawanya kwa kilo zake 9.2 unapata kama gramu tano kwa kila kilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto aliyeharisha siku 14 au zaidi unasema maziwa ya mnyama yasizidi mililita 50 kwa kilo kwa siku, na laktosi isizidi gramu 3.7 kwa kilo. Yaani kwake ni chini ya nusu lita, tena sio ya kunywa kavu, ichanganywe kwenye uji. Bibi anamuongezea akidhani anamtia nguvu kumbe kila kikombe kinazidisha.

MamaWawili wa Gungu
Mungu wangu. Basi kesho nakata maziwa yote, nampa uji mweupe na ndizi mpaka apone.

Nesi wa Kasulu
Hapana hapo ndipo wengi wanapotumbukia shimoni. Ukimuacha na uji mwepesi wa muhogo tu, choo kitakauka ndiyo, lakini atazidi kukonda, na akikonda vile vijidole vinachelewa kupona, halafu akionja maziwa tena anarudia kuharisha, mnazunguka hapo hapo. Muhogo ni wanga mtupu. Kata maziwa ya kunywa lakini chakula ongeza.

Duka la Mwanga
Sawa mmeongea kitaalamu ila mimi bado nasimama na flajili, nimeona watoto wakipona nayo na dalili hizi hizi, gesi na povu.

Tabibu Mstaafu
Ndugu yangu wa duka una nusu ya ukweli na sitaki kuipuuza. Amiba mara nyingi italeta damu na makamasi, huyu hana. Lakini kuna jiadia, huyo anakaa kwenye utumbo mwembamba hasa, analeta gesi, choo kinachonuka vibaya kama mayai viza, wakati mwingine chenye mafuta kinachoelea, mtoto anapungua, na inaweza kuburuza wiki kadhaa. Na flajili inamuua. Kwa hiyo wale uliowaona wakipona pengine walikuwa na jiadia kweli. Wengine walikuwa wanapona wenyewe maana laktesi ilikuwa inarudi siku zile zile walizomeza dawa yako, sifa ikaenda kwa chupa.

Kinachonifanya nisikubali kumpa hivi hivi ni kwamba jiadia nayo inaharibu zile ncha. Ukimuua leo, maziwa bado yatamsumbua wiki kadhaa mbele, mama ataona dawa haikufanya kazi ataongeza dozi nyingine, na nyingine. Apeleke choo maabara. Jiadia haitoki kila siku kwenye choo kwa hiyo sampuli moja ikiwa safi haitoshi, zinatakiwa hata tatu za siku tofauti.

Kama maabara wana dawa ya Benedikti wanaweza pia kuangalia sukari kwenye choo. Wanachukua ule majimaji, sio sehemu nzito, wanachanganya na maji kidogo, wanadondoshea kwenye ile dawa ya bluu na kuchemsha, ikigeuka kijani kuelekea njano au matofali maana yake sukari imepita bila kukatwa. Ila choo kiwe kimetoka muda huo huo. Ukikibeba kwenye mkoba toka asubuhi bakteria wanaendelea kula sukari njiani, majibu yanatoka safi kumbe sio.

MamaWawili wa Gungu
Asanteni sana. Basi niambieni kabisa nimpe nini, maana nyumbani kuna unga wa muhogo, mchele, karanga, dagaa, mawese na kuku wanaotaga.

Nesi wa Kasulu
Hapo una kila kitu dada. Uji wa mchele uliopondwa ndio msingi, kila kikombe cha mililita 200 weka maziwa kama mililita 85 tu, yaani chini ya nusu kikombe, kijiko kidogo cha mafuta na sukari kidogo. Kama nne za hivyo kwa siku. Ukipiga hesabu maziwa yanakuwa mililita 340, laktosi kama gramu 16, haifiki hata gramu mbili kwa kilo, na inaingia taratibu ikiwa imefungwa kwenye chakula badala ya kumiminwa yote kwa mkupuo kwenye tumbo tupu. Katikati hapo mpe wali uliopondwa na yai, au dagaa waliosagwa wakatolewa miiba na kuchekechwa, mawese kijiko. Mawese ya kwetu mekundu yana vitamini A nyingi, usiyaonee haya. Ale mara sita kidogo kidogo. Juisi za pakiti na soda weka mbali, sukari nyingi ya namna ile nayo inavuta maji. Zinki hakikisha alimaliza, kidonge cha miligramu 20 kutwa mara moja siku 10 mpaka 14, wengi wanaacha choo kikitulia. Na ORS kila akiharisha, pakiti kwa lita moja ya maji, usipunguze maji ili iwe kali. Sukari ya ORS ni glukosi, haihitaji laktesi.

Kijakazi wa Kibirizi
Samahani naingilia, mimi wa kwangu ana miezi mitano ananyonya tu na ameanza choo cha maji chenye povu baada ya kuharisha. Nimsimamishe nyonyo? Maana nimesikia maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe.

Tabibu Mstaafu
Usisimamishe mama. Ulichosikia ni kweli, ya mama yana kama gramu 7 kwenye mililita 100, lakini mtoto ananyonya kidogo kidogo mara nyingi, na yale maziwa yana kinga na vitu vinavyosaidia utumbo kujijenga. Wengi wanaendelea kunyonya na wanapona wakiwa titini. Choo cha mtoto wa nyonyo hata akiwa mzima kinaweza kuwa laini na chenye sukari kidogo kwa hiyo usikipime kwa macho ya choo cha ugali. Angalia uzito na mkojo. Ila kwa umri huo kama kimezidi siku 14, au anapungua, au hataki kunyonya, nenda hospitali usikae hapa na sisi.

Bibi Mgando
Mnahangaika bure, mpeni mgando. Sisi Waha tumelea watoto kwa maziwa mgando, mtoto akiendesha maziwa mabichi yanazuiwa anapewa mgando na anapona.

Nesi wa Kasulu
Bibi shikamoo. Mgando ni kweli unavumilika zaidi, wale bakteria wameshakula sehemu ya laktosi na wanakuja na kimeng'enya chao wenyewe kinachoendelea kukata humo tumboni. Ila wasiwasi wangu ni maziwa yanayogandishwa bila kuchemshwa, hapo unaweza kumletea mtoto brusela au kuharisha kwingine. Yachemshwe kwanza, yapoe mpaka vuguvugu, ndiyo uweke mbegu ya mtindi. Na ukishagandisha usichemshe tena maana unaua wale wanaokusaidia.

Bibi Mgando
Marahaba mjukuu. Ukichemsha hayagandi vizuri na ladha inapotea. Mimi nina miaka 70 sijawahi kuugua hiyo brusela.

Tabibu Mstaafu
Bibi hapo hatutakubaliana, kwa mtoto wa mwaka mmoja aliyepungua uzito mimi nabaki na ya kuchemshwa.

Dereva wa Nzega
Jamani nimesubiri kwa adabu, na mimi nijibiwe 😂

Tabibu Mstaafu
Dereva, kwako kuna mawili. Watu wazima wengi wa huku laktesi inapungua yenyewe tangu utotoni, ni kawaida ya mwili sio ugonjwa. Koo nyingi za wafugaji Afrika Mashariki zina urithi wa kuendelea kuitengeneza ukubwani, wengine hatuna. Mtu asiye nayo ya kutosha anaweza kunywa vikombe viwili miaka yote bila kujua, halafu akipata maambukizi ile kidogo aliyokuwa nayo inapungua ndiyo anagundua. Jaribu kupunguza mpaka nusu kikombe, ukinywe pamoja na chapati au kiazi, sio tumbo tupu barabarani. Lakini kama imeshapita miezi na hata bila maziwa bado unakimbilia choo, basi sio laktosi peke yake. Kuna watu wazima utumbo unabaki mwepesi kushtuka muda mrefu baada ya maambukizi, na kuna magonjwa mengine. Kapime, na VVU ikiwemo, kuharisha kunakoburuza ni sababu tosha ya kupima, usikasirike.

Dereva wa Nzega
Sijakasirika dokta. Bila maziwa niko poa ila maharage nayo siku hizi yananisumbua. Nitakuja kusema.

MamaWawili wa Gungu
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimefuata uji wa Nesi. Siku mbili za kwanza sikuona tofauti nikaanza kukata tamaa, halafu kikaanza kupungua, povu likaisha, matako yakaanza kukauka, anaenda mara mbili tatu kizito. Sasa juzi nikaenda sokoni nikamuacha na bibi, nilivyorudi tumbo limejaa na pampasi ina povu lile lile. Bibi akakiri alimpa kikombe kizima cha maziwa maana aliona mtoto anamuangalia kwa huruma. Leo katulia tena. Choo sampuli ya kwanza hawakuona mdudu. Benedikti hawana. Uzito 9.3.

Tabibu Mstaafu
Bibi kakufanyia kipimo bila kujua. Kimetulia ulipopunguza, kikarudi kwa kikombe kimoja, kikatulia tena ulipopunguza. Kwa mazingira yetu hiyo inanitosha kuliko Benedikti. Sampuli mbili zilizobaki peleka hata hivyo, maana jiadia na laktosi vinaweza kukaa pamoja.

Duka la Mwanga
Lakini isije ikawa alerji ya maziwa? Wifi yangu mtoto wake alikatazwa maziwa kabisa.

Tabibu Mstaafu
Swali zuri. Alerji ni kinga ya mwili kugombana na protini ya maziwa, mara nyingi utaona damu kwenye choo, vipele, kutapika, wengine hata kifua kubana, na hata kiasi kidogo kinaweza kumsumbua. Huyu alikunywa maziwa vizuri kabla hajaugua na hadi sasa mililita 85 kwenye uji anazivumilia. Siwezi kuapa nikiwa Tabora nikisoma simu, lakini haifanani.

MamaWawili wa Gungu
Sasa lini namrudishia maziwa? Dokta mmoja niliyempigia kasema miezi mitatu asiguse kabisa.

Nesi wa Kasulu
Miezi mitatu ni mingi kwa dalili hizi kwa mtazamo wangu, ila yeye labda kaona kitu ambacho sisi hatujui, muulize sababu. Mimi ningesubiri choo kikae vizuri kama wiki mbili na uzito umerudi ule wa kwenye kadi, halafu naongeza robo kikombe, nakaa siku mbili tatu naangalia. Povu likirudi narudi nyuma hatua moja nasubiri wiki, silaumu mtu. Likikaa naongeza tena. Usimuongezee siku moja na chakula kingine kipya maana hutajua kipi kimeleta.

Tabibu Mstaafu
Nakubaliana naye. Na kama ndani ya wiki moja ya uji huu kuharisha kungekuwa pale pale, au uzito unashuka, au kumetokea damu, homa, macho kuzama, kukataa kunywa, hapo unampeleka hospitali wamuangalie mzima, sio tumbo tu. Mara nyingine kuharisha kunaburuzwa na masikio, mkojo au nimonia na hakuna anayeangalia huko.

MamaWawili wa Gungu
Sawa. Sampuli ya tatu napeleka Jumatatu. Bibi kakubali, ila kaniuliza kama mgando wa Bibi wa humu unaweza kuingizwa kwenye uji badala ya maziwa.

Bibi Mgando
Unaweza. Uji ukishapoa.

Nesi wa Kasulu
Wa kuchemshwa kwanza bibi 🙏